Kuondoa sauti ya msemaji wa pili iliyovuja kwenye maiki ya kifuani: geti kwanza, mkono baadaye

Ukirekodi mahojiano ya watu wawili, kila mmoja na maiki yake ya kubana kifuani na treki yake, usitegemee kupata treki mbili safi. Maiki hizi ndogo, karibu zote, husikia pande zote sawasawa. Maiki ya mhoji inanasa sauti ya mhoji, halafu inanasa pia sauti ya mgeni aliyeketi mbele yake, ikiwa hafifu na imebeba mwangwi wa chumba. Ukiisikiliza treki hiyo peke yake unaona si tatizo kubwa. Ukizicheza treki zote mbili pamoja, mgeni anasikika kama anaongea ndani ya pipa.

Hapa nitaonyesha namna ya kuuondoa mvujo huo kwa geti la sauti, yaani athari inayoishusha treki kila sauti yake inapokuwa hafifu, pamoja na kuhariri kwa mkono. Programu ninayotumia ni Audacity kwa sababu ni ya bure na wengi wanayo. Mwenye programu nyingine atakuta vidhibiti hivihivi, pengine kwa majina mengine. Mfano wote ni mmoja: mhoji mwenye sauti ya upole, mgeni mwenye sauti nzito ya kujaza chumba, wameketi wakitazamana mezani.

Sauti ya pipa inatoka wapi

Mdomo wa mgeni uko sentimita 20 kutoka maiki yake na sentimita 120 kutoka maiki ya mhoji. Tofauti ni mita moja. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo neno la mgeni hufika kwenye maiki ya mhoji likiwa limechelewa milisekunde 3 hivi. Ukijumlisha sauti na nakala yake iliyochelewa kiasi hicho, baadhi ya masafa yanaongezeana na mengine yanakatana. Kwa milisekunde 3 yanakatana karibu na hezi 170, 500, 830 na kuendelea hivyo kupanda juu, yaani katikati kabisa ya sauti ya binadamu.

Ukubwa wa madhara unategemea nakala hiyo ina nguvu kiasi gani. Umbali ukiwa mara sita, sauti hupungua kwa desibeli 15 hivi, ingawa chumba chenye kuta tupu huipunguza tofauti hiyo kwa sababu mwangwi hurudisha sehemu ya sauti. Nakala iliyo chini kwa desibeli 15 haisumbui sana: inayumbisha sauti ya mgeni kwa desibeli moja na nusu hivi juu na chini, na masikio mengi hayatashtuka.

Balaa huja baadaye. Mhoji ana sauti ndogo, kwa hiyo unapandisha treki yake kwa desibeli 8 ili alingane na mgeni. Umepandisha na mvujo pia. Sasa nakala ya mgeni iko chini kwa desibeli 7 tu, na pale masafa yanapokatana anapoteza desibeli 5. Ukiongeza kompresa juu yake, inazibana sehemu kubwa na kuziinua ndogo, na mvujo unazidi kupanda. Ndiyo maana watu wengi husema rekodi ilikuwa nzuri lakini ikaharibika wakati wa kuchanganya. Haikuharibika, mvujo ulikuwepo tangu mwanzo, ila ulikuwa chini.

Kwa hiyo kazi ya geti ifanyike kabla ya kupandisha sauti na kabla ya kompresa.

Kabla ya kugusa geti

Hakikisha treki mbili zimelingana kwa wakati. Kama zimetoka kwenye kinasa sauti kimoja, zimelingana tayari. Kama kila maiki ilikuwa na kinasa chake, tafuta kofi la mwanzoni uzilinganishe, kisha nenda mwisho wa rekodi uone kama bado zinaenda pamoja, maana vinasa viwili huachana polepole.

Halafu tengeneza nakala ya treki ya mhoji kwa `Ctrl+D` na uizime kwa `Mute`. Geti la Audacity hubadilisha sauti yenyewe moja kwa moja, si kitu unachoweza kukiwasha na kukizima baadaye. Nakala hiyo utaihitaji kurudishia silabi zilizoliwa, na zitaliwa.

Kisha pitisha `High-Pass Filter` kwenye treki zote mbili, `Frequency (Hz)` ikiwa 80. Si kwa ajili ya urembo. Mtu akigonga meza au nguo ikisugua maiki, ngurumo ya chini hufungua geti bila mtu yeyote kusema neno. Kukata chini ya hezi 80 hakugusi maneno na kunaliondolea geti sababu nyingi za kufunguka ovyo. Nakala nayo uipitishe humo humo, ili silabi utakazorudisha zisije na rangi tofauti.

Pima, usikisie

Geti hufanya jambo moja tu: sauti ikivuka kizingiti linafunguka, ikishuka chini yake linafunga. Halijui nani anaongea. Kwa hiyo lazima ujue mambo matatu kwenye treki ya mhoji: sauti yake mwenyewe inafika wapi, inashuka wapi anapomalizia sentensi, na mvujo wa mgeni unafika wapi.

Njia rahisi ya kupima ni hii. Chagua sekunde kadhaa ambamo mgeni peke yake anaongea, ukiwa kwenye treki ya mhoji, kisha fungua `Amplify`. Namba inayojitokeza kwenye `Amplification (dB)` ni kiasi kinachohitajika kufikisha kilele cha sehemu hiyo kwenye sifuri. Ikisema 24, basi kilele cha mvujo ni -24. Soma namba, bonyeza `Cancel`, nenda sehemu nyingine. Pima sehemu tano au sita, zikiwemo zile ambazo mgeni amepaza sauti.

Katika mfano wetu vipimo vinatoka hivi: mhoji akisema kwa kawaida anafika -17. Silabi zake za mwisho, pale anaposhusha sauti, zinazama hadi -30. Mvujo wa mgeni kwa kawaida unafika -28, akikazia neno unafika -24, na akicheka unagonga -20.

Zitazame namba hizo vizuri, maana mambo yote yamo humo. Mwisho wa sentensi za mhoji ni mdogo kuliko mvujo wa mgeni. Hakuna kizingiti kitakachowatenganisha. Ukikiweka chini ya -30 ili usile silabi, mvujo wote unapita. Ukikiweka juu ya -20 ili kuzuia hata kicheko, unakula nusu ya maneno ya mhoji. Wengi hukaa hapa saa nzima wakisogeza kizingiti juu na chini, wakidhani kuna mahali sahihi ambapo bado hawajapaona.

Kizingiti kivukwe na silabi yenye mkazo. Muda ulinde zilizobaki

Njia ya kutoka ni kuacha kudai kwamba kila silabi ivuke kizingiti. Inatosha silabi zenye mkazo zivuke. Silabi dhaifu zinazozizunguka zinalindwa na muda: geti lichelewe kufunga, na lianze kufunguka mapema.

Maneno ya Kiswahili yanatusaidia hapa na pia yanatuponza. Mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo karibu kila neno huisha na irabu dhaifu. Geti likifunga upesi, "amefika" inakuwa "amefik". Lakini kwa kuwa baada ya mkazo huwa imebaki silabi moja tu, tunajua takriban geti lisubiri kiasi gani: milisekunde 300 zinatosha kuibeba irabu ya mwisho, hata mtu akiivuta.

Mwanzoni mwa maneno hali ni ngumu zaidi. Zile m na n zinazosimama kama silabi, kwenye "mtu" au "nchi", zina nguvu ndogo. Herufi h ni pumzi tu. Geti likichelewa kufunguka, "halipo" inasikika "alipo", na hapo hujaharibu sauti tu, umebadilisha alichosema mtu. Bahati njema, geti la Audacity halisubiri sauti ivuke kizingiti ndipo lianze kufunguka. Linaanza mapema kwa kiasi cha muda ulioandika kwenye `Attack (ms)`. Kwenye programu nyingine kuna kidhibiti cha pekee cha kutazama mbele, na kama hakipo, geti hilo kwa kazi hii halifai.

Chagua treki ya mhoji, fungua `Noise Gate`, na uanze na hizi:

```
Gate threshold (dB): -26
Level reduction (dB): -12
Attack (ms): 80
Hold (ms): 300
Decay (ms): 250
```

Kizingiti cha -26 kiko chini ya silabi zenye mkazo za mhoji kwa nafasi nzuri, na juu ya mvujo wa kawaida wa mgeni. Maneno ya mgeni aliyoyakazia yatapenya, pamoja na kicheko. Hayo tunayaacha yapite kwa makusudi. Mvujo uliopenya unauondoa kwa mkono kwa sekunde tatu, lakini silabi iliyoliwa kwanza uigundue, halafu ukaitafute kwenye nakala, halafu uirudishe. Ukilazimika kukosea upande mmoja, kosea kwa kuacha geti wazi.

Namba ya pili, -12, huwashangaza wanaoanza. Kwa nini usizime kabisa? Kwa sababu huhitaji. Tulisema baada ya kumpandisha mhoji, mvujo utakuwa chini ya mgeni kwa desibeli 7. Ukiushusha kwa 12 unakuwa chini kwa 19, na kwa tofauti hiyo masafa yanayumba kwa desibeli moja tu. Sauti ya pipa imekwisha. Faida yake ni kwamba geti likifunguka na kufunga, mvumo wa chumba hauruki kutoka kimya hadi kelele. Unapanda na kushuka kidogo, tena chini ya sauti ya mgeni anayeongea. Geti linalozima kabisa husikika likifanya kazi, na geti zuri halisikiki.

Sikiliza ukiwa na jambo la kutafuta

Baada ya kupitisha geti, sikiliza treki ya mhoji peke yake kwa hedifoni, dakika mbili au tatu zenye majibizano mengi. Usisikilize kwa ujumla, tafuta dalili.

Miisho ikisikika imekatwa, ongeza `Hold (ms)` kabla hujashusha kizingiti. Kushusha kizingiti kunafungulia mvujo kila mahali, ilhali kuongeza muda wa kushikilia kunaongeza mvujo baada ya maneno ya mhoji tu, na mara nyingi hapo mgeni hajaanza kujibu.

Ukisikia mgeni akipandapanda na kushuka kwa haraka, neno moja liko juu na linalofuata liko chini, ujue mvujo wake unacheza palepale kwenye kizingiti. Kwenye picha ya wimbi utaona vimeno vidogo vimejipanga. Hapo pandisha kizingiti kwa desibeli moja au mbili, au refusha `Decay (ms)` ili mabadiliko yawe ya taratibu.

Ukisikia pumzi ya mhoji inatokea ghafla kabla ya neno, nusu imekatwa, geti limefunguka katikati ya pumzi. Kwenye mazungumzo hilo halinisumbui sana, isipokuwa pumzi yenyewe iwe nzito. Ikikukera, ongeza `Attack (ms)` hadi 150.

Kumbuka kwamba kila ukibadilisha namba unarudi kwanza kwa `Ctrl+Z`. Kupitisha geti juu ya geti kunashusha mara mbili.

Rudishia silabi zilizoliwa sasa hivi, kabla ya kuingia kwenye kazi ya mkono. Kwenye nakala uliyoizima, chagua neno lote pamoja na kimya kidogo kila upande, bonyeza `Ctrl+C`. Kisha ondoa uteuzi kwenye nakala kwa `Enter`, shuka au panda kwa mshale hadi treki yenye geti, bonyeza `Enter` kuiteua, halafu `Ctrl+V`. Muda ulioteuliwa unabaki uleule, kwa hiyo neno linaingia mahali pake hasa na treki haisogei.

Kazi ya mkono

Panga treki mbili, ya mhoji juu na ya mgeni chini, ukuze picha hadi uone sekunde 15 au 20 kwa wakati mmoja. Sasa unautambua mvujo kwa macho kabla ya masikio: popote treki ya juu inapokuwa na umbo dogo linalofanana na umbo kubwa la treki ya chini, huo ni mvujo uliopenya. Sauti ya mhoji mwenyewe haina pacha mkubwa chini yake.

Usitumie `Delete` kuufuta. Ukifuta kipande, kila kilicho mbele yake kinarudi nyuma na treki mbili zinaachana, na unaweza usigundue hadi dakika kumi baadaye. Ukitaka kimya kamili tumia `Ctrl+L`, ambayo inanyamazisha sehemu bila kuisogeza. Mara nyingi, hata hivyo, hutaki kimya. Unataka sehemu hiyo ishuke kwa kiasi kilekile ambacho geti lingeishusha. Ichague, tumia `Amplify` ukiandika -12, na kwa sehemu zinazofuata bonyeza `Ctrl+R` tu, ambayo inarudia athari ya mwisho kwa namba zilezile. Chagua, `Ctrl+R`, songa mbele. Mkono ukishazoea, kazi inakwenda karibu kwa mwendo wa kusikiliza.

Sehemu ambazo hazina kimya pembeni zinataka `Envelope Tool`. Tuchukue kicheko. Katika dakika ya 12, sekunde ya 40, mgeni anacheka kwa sekunde mbili, na kabla hajamaliza mhoji anaingia: "Mh, halafu?" Kicheko kilikuwa -20 kwenye maiki ya mhoji, kwa hiyo geti limebaki wazi muda wote. Ukitumia `Amplify` hapa, mpaka wa mwisho utaangukia kwenye kicheko chenyewe na utasikika kama mkwaruzo.

Bonyeza `F2`, au uichukue zana hiyo kwa kipanya. Weka nukta moja kabla tu ya kicheko kuanza na nyingine milisekunde 50 mbele yake. Hiyo ya pili ivute chini hadi wimbi liwe robo ya urefu wake, ambayo ni desibeli 12. Sasa nenda upande wa pili. Ile "mh" huanza taratibu, kwa hiyo usiitafute kwa macho peke yake. Icheze mara mbili tatu upate inapoanzia. Weka nukta ya tatu milisekunde 60 kabla ya hapo, kwa urefu uleule wa chini, na ya nne pale "mh" inapoanza, uirudishe juu. Mteremko wa kuingia na mpando wa kutoka vinafanya mabadiliko yasisikike. Nukta iliyokosewa unaivuta nje ya treki nayo inaondoka.

Kuna ujanja mmoja wa mahali pa kupandishia sauti. Ukiweza, ipandishe ndani ya konsonanti kavu: p, t, k, ch. Kabla ya mlipuko wa konsonanti hizo kuna kimya kifupi sana, na mlipuko wenyewe unafunika mabadiliko yoyote. Kwa hiyo kama mhoji ameanza na "kwa hiyo" wakati mgeni bado anamalizia, mpando uweke kwenye kile kimya cha k. Akianza na irabu au na m, mpando uwe mrefu zaidi na uanze mapema.

Wanapoongea kwa pamoja

Hapa ndipo geti na mkono vyote vinafika mwisho wa uwezo wao. Mhoji akiongea, geti lake liko wazi, na chochote cha mgeni kinachoingia kwenye maiki yake kinapita pamoja naye. Hakuna kizingiti kinachoweza kuchukua sauti moja kutoka ndani ya nyingine. Baadhi hujaribu kuigeuza treki ya mgeni kichwa chini kwa `Invert` na kuijumlisha ili mvujo ujifute. Haujifuti, kwa sababu kilichofika kwenye maiki ya mhoji kimepita njia nyingine, kimepigwa na meza na ukuta, na watu hawakukaa kama sanamu.

Wengine huisogeza treki ya mhoji nyuma, yaani kushoto, kwa milisekunde 3 ili mvujo wa mgeni uoane na sauti yake halisi. Kwa mgeni inasaidia. Lakini sauti ya mhoji iliyovuja kwenye maiki ya mgeni, ambayo ilikuwa imechelewa milisekunde 3, sasa imechelewa 6. Umehamisha shida kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Inafaa tu ikiwa maiki ya mgeni utaifunga kila mhoji anapoongea.

Kilichobaki ni kuamua nani ana neno muhimu. Kama wote wanasema jambo la maana, acha maiki zote wazi. Sauti mbili zikiongea pamoja zinafunikana na pipa halisikiki sana. Kama mmoja anaitikia tu, "ee", "naam", "mh", shusha maiki yake. Mwitiko hautapotea kabisa, utabaki kwa mbali kupitia maiki ya mwenzake, na kwa masikio yangu mazungumzo yaliyoachiwa miitikio hiyo kwa mbali yana uhai kuliko yaliyosafishwa yote. Ila "mh" ya kila sentensi inachosha, na hizo nazishusha bila huruma.

Treki ya mgeni

Hii ni nyepesi. Mgeni anafika -9, anamalizia kwenye -24 hivi, na mvujo wa mhoji mpole kwenye maiki yake uko -32. Kuna nafasi ya desibeli 8 kati ya vitu viwili, kwa hiyo kizingiti cha -28 kinawatenganisha vizuri na muda uleule unatosha. Kazi ya mkono itakuwa ndogo sana.

Nafasi hiyo inaweza pia kumsaidia mhoji. Audacity ina athari iitwayo `Auto Duck`, ambayo hushusha treki uliyoichagua kila mara treki iliyo chini yake inapopaza sauti. Weka treki ya mgeni chini ya ya mhoji, chagua ya mhoji peke yake, `Duck amount` -12 na `Threshold` -25. Anayeamua sasa si mvujo hafifu bali maiki ya mgeni mwenyewe, inayomsikia wazi, kwa hiyo hata kicheko kinashushwa. Ubaya wake ni kwamba wakiongea pamoja, mhoji anashushwa pia. Ninaitumia pale mgeni anaposimulia kwa muda mrefu bila kukatizwa, na kwenye majibizano ya haraka ninarudi kwenye geti. Ukiipitisha kwenye kipande fulani, usiweke geti tena kwenye kipande hicho.

Jaribio la kuamua kama imetosha

Pandisha mhoji kwa zile desibeli 8, cheza treki zote mbili pamoja, na zikiwa na mkao wa mono, maana stirio inaweza kuficha mkatano wa masafa. Tafuta mahali mgeni anaongea peke yake kwa sekunde kumi. Huku akiongea, zima na kuwasha treki ya mhoji kwa `Mute`, mara kadhaa, macho yakiwa yamefumbwa. Kama rangi ya sauti ya mgeni haibadiliki, mvujo umekwisha hata kama ukiongeza sauti sana bado unausikia kwa chini. Ikibadilika, ikapoteza uzito treki ya mhoji inapowashwa, ongeza `Level reduction (dB)` hadi -18 na upitishe geti upya, au rudi kwenye kipande hicho kwa mkono.

Kuna rekodi ambazo jaribio hili halitafaulu kwa namba yoyote. Watu wakikaa bega kwa bega, au chumba kikiwa na mwangwi mkali, tofauti kati ya sauti na mvujo inaweza kushuka hadi desibeli 6 au chini yake. Pima kwanza kwa `Amplify` kama tulivyofanya, na ukikuta hivyo usipoteze muda na geti hata kidogo. Anza moja kwa moja na mkono: pita rekodi yote, acha wazi maiki ya anayeongea, shusha ya mwenzake kwa desibeli 15 au 18, badilisha kwenye konsonanti. Saa moja ya mahojiano hapo itakula saa kadhaa za kazi, na ni vema mwenye rekodi aambiwe hilo kabla hujaanza.